Chupa Tunaichemsha, Unga wa Maziwa Je?

Wiki iliyopita nilimtembelea jirani aliyejifungua, ambaye kwa sababu za kiafya ameshauriwa kumlisha mwanawe maziwa ya kopo. Mtoto alikuwa na wiki tano. Bibi yake, mama mwenye bidii ambaye sina neno baya la kumsema, alikuwa ameosha chupa na chuchu kwa brashi na sabuni, akazichemsha kwenye sufuria yenye kifuniko, akazitoa kwa koleo. Baada ya kazi yote hiyo alimimina maji kutoka kwenye jagi lililokuwa mezani, akatia vijiko vya unga na kutikisa. Nilipomuuliza kuhusu maji hayo alinijibu kwa fahari, “Nimeyachemsha jana usiku, mwanangu, yamepoa vizuri.” Nilimheshimu nikanyamaza mbele ya wageni, nikazungumza naye baadaye tukiwa wawili, lakini tangu siku ile jambo hili limenikereketa, kwa sababu bibi yule alifanya kwa uaminifu kila alichofundishwa kliniki. Alichofundishwa ndicho kilichopungua.

Tumehubiriwa kuhusu chupa kwa miaka mingi mpaka tukaamini kwamba hatari yote imo ndani ya chupa. Unga wenyewe hatukuambiwa. Maziwa ya unga ya watoto hayatoki kiwandani yakiwa yametakaswa kabisa, hata kopo likiwa limefungwa vizuri na tarehe yake haijapita. Kuna bakteria aitwaye Cronobacter, anayestahimili ukavu na anayeweza kukaa kwenye unga kwa muda mrefu bila kuzaliana, na wakati mwingine hupatikana pia salmonela. Ugonjwa wa Cronobacter ni nadra, hilo nalikubali, lakini ukimpata mtoto wa chini ya miezi miwili, au aliyezaliwa njiti, unaweza kuingia kwenye damu na kwenye utando wa ubongo, na wengi hufa au hubaki na ulemavu. Mwaka 2022 kiwanda kikubwa cha maziwa ya watoto huko Michigan, Marekani, kilisimamisha uzalishaji na makopo yake yakarudishwa kutoka nchi nyingi kwa sababu ya hofu ya bakteria huyo huyo. Maziwa yenye vijidudu hivi hayabadiliki rangi, hayanuki, wala hayaonjeki tofauti, kwa hiyo hakuna jicho la mama litakaloyatambua.

Tafakari tunavyofanya na uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita. Unga wa lishe hatuutii kwenye maji ya jana tukakoroga na kumpa. Tunaupika mpaka utokote na kuiva, na moto ule ndio unaoua vilivyomo. Unga wa maziwa haupikwi, na moto pekee unaoweza kuupata ni ule wa maji tunayoukorogea. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2007, lilielekeza kwamba unga huu ukorogwe kwa maji yasiyopungua nyuzi joto 70. Joto hilo huua karibu bakteria wote walioingia na unga. Maji yaliyochemshwa jana yakapoa ni masafi, lakini hayawezi tena kuua kitu, na maji ya vuguvugu ni mabaya zaidi, kwa kuwa yanamwamsha bakteria aliyelala kwenye ukavu na kumpa joto analolipenda la kuzaliana, hasa katika nyumba zetu za Pwani ambako chumba chenyewe ni moto mchana na usiku.

Namna ya kufanya ni hii. Chemsha lita moja ya maji mapya mpaka yatokote, uyaache kwenye birika au sufuria iliyofunikwa kwa muda usiozidi dakika 30. Nasisitiza lita moja kwa sababu kikombe kimoja cha maji hupoa haraka sana, na dakika 30 zitakuacha na maji ya vuguvugu. Tuseme mtoto anakunywa mililita 90, na kopo lako linaelekeza kijiko kimoja kwa kila mililita 30. Mimina kwanza maji ya moto kwenye chupa mpaka alama ya 90, kisha utie vijiko vitatu vilivyosawazishwa kwa kisu safi, bila kushindilia. Ukianza na unga, wenyewe utachukua nafasi ya maji na maziwa yatakuwa mazito kupita kiasi. Funga, zungusha mpaka unga uyeyuke, kisha isimamishe chupa kwenye beseni la maji baridi, ukiangalia maji ya beseni yasifike kwenye kifuniko. Dondoshea tone kwenye ngozi ya ndani ya kifundo cha mkono, na usimpe mtoto mpaka usikie uvuguvugu tu, maana maziwa haya yalikuwa ya kuunguza muda mfupi uliopita.

Najua pingamizi litakalokuja: saa tisa usiku mtoto analia, nani atawasha jiko? Ni pingamizi la haki, na jibu lake limo katika kila nyumba, nalo ni chupa ya chai. Ijaze maji yanayotokota kabla ya kulala na uifunge vizuri. Chupa nzuri huhifadhi joto zaidi ya nyuzi 70 kwa saa kadhaa, lakini zilizochakaa haziwezi, kwa hiyo ipime yako mara moja kwa kipimajoto cha jikoni baada ya muda ule ule ambao mtoto hukaa kabla ya kuamka. Usipime kwa kidole, kwa sababu hata maji ya nyuzi 55 yatakuunguza ukadhani yanatosha.

Kuhusu vyombo sitarefusha, kwa kuwa wengi wanavifahamu. Osha kwanza, kisha chemsha kwa dakika 10 tangu maji yaanze kutokota, kila chombo kikiwa kimezama bila povu la hewa ndani yake, na usikifute kwa kanga baada ya hapo, maana kanga itarudisha ulichokiua. Kikombe kidogo cha wazi ni rahisi zaidi kusafisha kuliko chupa, na hata mtoto mchanga anaweza kukitumia akisaidiwa kwa utulivu. Maziwa yaliyokaa nje saa mbili, pamoja na masalio ya mlo, yamwagwe hata kama kopo ni ghali.

Nakiri kwamba maji ya moto hupunguza baadhi ya vitamini, hasa vitamini C, na kwamba yapo makopo yanayoelekeza nyuzi 40 kwa sababu yametiwa bakteria rafiki wa tumbo ambao moto ungewaua. Lakini maji yasiyoweza kumuua bakteria rafiki hayawezi pia kumuua Cronobacter. Kwa mtoto mkubwa mwenye afya mzazi anaweza kulijadili hilo na daktari wake. Kwa mtoto wa wiki tano, au njiti aliyetoka wodini juzi, sioni la kujadili: chagua kopo linaloruhusu maji ya nyuzi 70, au uliza hospitalini kama yanapatikana maziwa ya maji yaliyotakaswa kiwandani. Na wauguzi wanaofundisha akina mama kuchemsha chupa waongeze sentensi moja tu kwenye somo lao, kwamba unga nao unahitaji maji ya moto.