Minyororo miwili, jeni moja: mrudishieni huyu binti alama yake

Juzi binti mmoja ninayemsaidia baiolojia jioni kaniletea karatasi ya mtihani wa majaribio. Hakusema kitu, kafungua ukurasa wa tatu kanionyesha kwa kidole. Swali lilikuwa linasema insulini ina minyororo miwili ya asidi amino, je inatokana na jeni ngapi? Yeye kajibu moja. Msahihishaji kapiga mkasi mwekundu, halafu pembeni kaandika kwa kalamu hiyohiyo: "mbili, kila mnyororo una jeni yake". Akaniuliza, "Mwalimu, nimekosea wapi?"

Hajakosea popote! Na nimekasirika kweli, kwa sababu hili sio kosa la kuteleza kalamu, ni kosa linalotoka kwenye namna tunavyofundisha hii mada. Tunamaliza somo pale raibosomu, kile kiwanda cha protini ndani ya seli, inapofika kodoni ya kusimama, yani zile herufi tatu za kumalizia, mnyororo unaachiwa, tunachora mshale, tunaandika "protini", tunafunga daftari. Mtoto anaondoka akiamini kwamba kilichotoka kwenye raibosomu ndicho kinachofanya kazi mwilini, na mwalimu aliyefundishwa hivohivo akiona minyororo miwili lazima atafute jeni mbili, angefanyaje?

Sasa tuhesabu pamoja, maana hii kitu inaonekana kwenye hesabu tu. Insulini inayozunguka kwenye damu ya mtu ina asidi amino 51: mnyororo A una 21 na mnyororo B una 30. Jeni yake ni moja, inaitwa INS, ipo kwenye kromosomu ya 11. Ukichukua mRNA yake, ile nakala ya jeni inayosomwa na raibosomu, ukahesabu kuanzia kodoni ya kuanzia hadi ya kusimama unapata herufi 333, gawanya kwa tatu ni kodoni 111, toa ile ya kusimama zinabaki 110. Yani raibosomu inatoa mnyororo mmoja wa asidi amino 110, na sisi tunajua insulini ina 51. Zaidi ya nusu imepotelea wapi? Hilo ndo swali ambalo mtihani ulipaswa kuuliza.

Asidi amino 24 za mwanzo ni kama anwani, zinaupeleka mnyororo kuingia kwenye ule mtandao wa vifuko ndani ya seli beta ya kongosho, na ukishaingia zinakatwa. Zinabaki 86, na hiyo ndo proinsulini. Imepangwa hivi: mnyororo B mwanzoni, kipande cha katikati chenye asidi amino 31 kinachoitwa peptaidi-C, na mnyororo A mwishoni. Kati ya B na peptaidi-C kuna arijinini mbili zimekaa jirani, kati ya peptaidi-C na A kuna laisini na arijinini. Jumlisha 30 na 31 na 21 na hizo nne, unapata 86 kamili.

Watu wengi wakifika hapo wanasema basi hiyo peptaidi-C ni takataka ya katikati, inakatwa inatupwa. Hapana, subiri kwanza. Kabla ya kukatwa chochote proinsulini inajikunja, na kwenye kujikunja huko sisteini sita, zile asidi amino zenye salfa, zinashikana mbilimbili kutengeneza madaraja matatu ya salfa, mawili yanaunganisha A na B na moja liko ndani ya A yenyewe. Sisteini sita zinaweza kushikana mbilimbili kwa namna 15 tofauti, kaa na karatasi uzichore utaona, na namna iliyo sahihi ni moja tu. Peptaidi-C ndiyo inayowaweka A na B kwenye mnyororo mmoja, karibukaribu, ili kila sisteini imkute mwenzake. Ukiyavunja madaraja ya proinsulini kwenye maabara ukaiacha ijikunje upya inarudi vizuri, lakini ukichukua A na B zilizotengana ukataka zikutane zenyewe, mavuno yanakuwa haba sana.

Na ikienda vibaya hapo ni balaa. Kuna badiliko la herufi moja tu kwenye INS ambalo linaiondoa sisteini ya saba ya mnyororo A na kuweka tairosini mahali pake. Mwenzake wa upande wa B anabaki mkono mtupu, proinsulini inajikunja ovyo, inarundikana kwenye vile vifuko mpaka seli inaelemewa na mwisho inakufa. Nakala ya pili ya jeni hiyohiyo, ingawa ni nzima, haisaidii, kwa sababu ule uchafu unaiziba seli hiyohiyo ambayo ingetengeneza insulini nzuri. Panya wenye badiliko hili wanafahamika muda mrefu, wanaitwa Akita, na kwa binadamu linaleta kisukari kwa mtoto mchanga wa miezi michache tu. Raibosomu ilifanya kazi yake mpaka mwisho, mnyororo una asidi amino zote 110, ila insulini hakuna.

Ikishajikunja vizuri inapita Golgi, ile sehemu ya seli inayofungasha protini, inafungwa kwenye vijifuko vya kutolea, na humo ndimo inamokatwa. Ndani ya kijifuko asidi inapanda, kipimo cha pH kinashuka mpaka karibu 5.5, kalsiamu ipo ya kutosha, na vimeng'enya vinaamka. Kinachoitwa PC1/3 kinakata baada ya zile arijinini mbili, PC2 inahusishwa zaidi na ule mpaka wa pili wa laisini na arijinini, halafu kinakuja kimeng'enya cha tatu, kaboksipeptidasi E, kinang'oa zile asidi amino mbili zilizobaki zinaning'inia kwenye ncha. Hapo ndo unapata minyororo miwili, imeshikiliwa na madaraja yaliyojengwa zamani wakati bado ilikuwa mmoja. Insulini zinakaa sita sita zikishikwa na zinki zinakuwa fuwele, na peptaidi-C zinabaki humohumo kando yake.

Proinsulini isipokatwa inafanya kazi? Kidogo mno, nguvu yake ya kushusha sukari haifiki hata sehemu moja ya kumi ya insulini, kwa sababu ncha ya mwanzo ya mnyororo A lazima iwe huru ili ikae vizuri kwenye kipokezi, na peptaidi-C imeifunga. Kuna familia zimerithi badiliko linaloigeuza arijinini ya ule mpaka wa pili kuwa histidini, mkasi ukifika haupatambui, haukati. Ukiwapima hao watu "insulini" inasoma juu sana huku sukari yao inaweza kuwa ya kawaida kabisa, na anayesoma majibu haraka atadhani mwili unaipinga insulini, kumbe kipimo kinahesabu vitu vilivyokatwa nusu.

Nikubali jambo moja, ingawa kwa shingo upande. Huyo msahihishaji anafikiri kama wanasayansi wengi walivyofikiri kabla ya 1967, kwamba A na B zinajengwa mbalimbali halafu zinaunganishwa. Mwaka huo Donald Steiner wa Chuo Kikuu cha Chicago alichukua vipande vya uvimbe wa seli beta uliotolewa kwa mgonjwa, akavilisha asidi amino zenye mionzi, akaona kinachong'aa kwanza ni protini kubwa kuliko insulini, na akiikata kwa tripsini, kimeng'enya cha kukata protini, inatoka kitu kinachofanana na insulini. Pia ni kweli kwamba 1978 insulini ya binadamu ya kwanza kutengenezwa kwa bakteria ilitoka kwenye jeni mbili za kutengenezwa kwa mkono, moja ya A na moja ya B, zikaunganishwa nje. Lakini swali halikuuliza habari za bakteria wa maabara. Liliuliza insulini inatokana na jeni ngapi.

(Na bakteria waliweza hiyo kazi kwa sababu insulini haibandikwi sukari. Erithropoietini, homoni inayochochea kutengenezwa kwa chembe nyekundu za damu, inahitaji glaikosilesheni, yani kubandikwa sukari, isipobandikwa sukari zake inaondolewa haraka kwenye damu, ndo maana inatengenezwa kwenye seli za mamalia.)

Nirudi kwenye peptaidi-C kwa sababu hapa ndo inaniuma zaidi. Binti anasema anataka kuwa daktari. Basi chukua mgonjwa kaletwa hajitambui, anatoka jasho, sukari 2.1 mmol/L, na damu iliyochukuliwa wakati huohuo kabla ya kupewa glukosi inaonyesha insulini ipo juu wakati ilipaswa kuwa karibu na sifuri. Insulini hiyo imetoka wapi, kwenye kongosho au kwenye sindano? Kila insulini moja inayotoka kwenye kijifuko inatoka na peptaidi-C moja, lazima, kwa sababu zilikuwa mnyororo mmoja. Ya sindano imesafishwa, haina peptaidi-C. Kwa hiyo peptaidi-C ikiwa chini sana, insulini imechomwa. Ikiwa 0.2 nmol/L au zaidi wakati sukari iko chini ya 3.0, kongosho lenyewe ndo linamwaga, na hapo utafikiria uvimbe wa seli beta, ila kwanza umpime kama amemeza vidonge vya kisukari vya kundi la salfonilurea, maana hivyo navyo vinalilazimisha kongosho kutoa zote mbili na majibu yanafanana kabisa na ya uvimbe.

Kuna mitego. Insulini inaondoka kwenye damu ndani ya dakika chache na ini linakula karibu nusu yake kabla haijafika mbali, peptaidi-C ini haliigusi, inakaa kama nusu saa na figo ndo zinaiondoa, kwa hiyo mwenye figo mbovu atasoma juu bila sababu ya kongosho. Na baadhi ya vipimo havizioni insulini za kisasa zilizobadilishwa, unaweza ukapata insulini chini na peptaidi-C chini kwa mtu aliyechomwa dozi kubwa.

Daktari aliyefundishwa "jeni mbili" hana namna ya kuelewa kwa nini hicho kipimo kinafanya kazi. Kwake A na B ni vitu viwili vilivyokutana, peptaidi-C haina mahali pa kutokea.

Nimemwandikia msahihishaji kwa heshima, nimemwekea ile hesabu ya 110 na 86 na 51 kwenye nusu ukurasa, na nimemwomba abadilishe mwongozo wa majibu kwa darasa zima, maana kuna wengine waliandika moja wakakatwa na hawana wa kumwonyesha karatasi.