Maswali ya visa vya wagonjwa: kujua jibu ni nusu tu ya kazi

Madaktari wengi wanaojiandaa kwa USMLE, mtihani wa leseni ya udaktari Marekani, huweka vitabu pembeni na kushinda kwenye maswali ya visa. Naona wana haki, ila kwa sharti moja: wasome pia kwa nini yale machaguo mengine si jibu.

Chukua kisa hiki. Mwanamume wa miaka 62 ameumwa kifua kwa saa mbili. Shinikizo la damu ni 84/50, mishipa ya shingo imetuna, mapafu ni safi. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, inaonyesha ST imepanda kwenye II, III na aVF, yaani shambulio la moyo upande wake wa chini. Wakati akiandaliwa kuzibuliwa mshipa wa moyo, apewe nini: nitrogliserini, furosemaidi au dripu ya maji ya chumvi?

Jibu ni dripu. Ventrikali ya kulia imeumia, na ili isukume damu kwenda kwenye mapafu inategemea damu ya kutosha irudi kutoka kwenye vena. Nitrogliserini hutanua vena, furosemaidi hutoa maji kwa mkojo. Zote mbili hupunguza damu inayorudi, na shinikizo lililokwisha shuka huporomoka zaidi.

Sasa badilisha jambo moja tu: mapafu yawe yamejaa maji. Hapo huenda ventrikali ya kushoto ndiyo imeshindwa, na dripu ileile itazidi kumbana pumzi. Aliyeandika daftarini "II, III, aVF: dripu" atalikosa swali hili la pili. Aliyeandika "mapafu safi ndiyo yaliyoruhusu dripu" atalipata.

Wanaopinga njia hii wana hoja nzito. Ndani ya kisa, kila sentensi imewekwa kwa makusudi. Unaambiwa mapafu ni safi, ilhali wodini ni wewe wa kuyasikiliza, mgonjwa akihema na ndugu zake wakiongea, wala hakuna anayekupangia machaguo. Kulitambua jibu ukiliona ni rahisi kuliko kulitoa kichwani. Ndiyo maana ni vizuri kuyafunika machaguo, kulitaja jibu lako na sababu yake, kisha kuyafunua. Na ukiona unalijua jibu kabla hujamaliza kusoma swali, alama unazopata zinapima kumbukumbu ya swali lenyewe. Pia, asiyeielewa fiziolojia ya moyo ataishia kukariri maelezo kama alivyokariri kitabu. Huyo aanze na kitabu.

Kwa daktari wa kwetu kuna jambo jingine. Katika maswali ya Kimarekani, malaria kwa kawaida hutanguliwa na habari ya safari, na homa isiyo na safari humpeleka msomaji kwenye magonjwa mengine. Mtoto mwenye homa Kisumu au Mwanza hahitaji kuwa amesafiri popote ili apimwe malaria.