Ng'ombe mmoja au mbuzi wanne: maziwa katika kalenda ya korosho

"Niko Newala, pesa ya korosho imeingia. Ninunue ng'ombe mmoja wa maziwa au mbuzi wanne? Wateja wangu ni vibanda vitatu vya chai na majirani."

Tukihesabu lita peke yake, ng'ombe anashinda. Chotara wa Friziani na zebu akilishwa vizuri katika joto la kusini hutoa lita 6 hadi 10 kwa siku, na mbuzi chotara wa Togenbagi au Anglo-Nubia hutoa lita moja hadi mbili. Ng'ombe huyo, akiwa na kilo 400, anahitaji kama kilo 12 za chakula kikavu kwa siku. Mbuzi wanne wa kilo 45 wanahitaji kama kilo 7. Kwa hiyo mbuzi wanne wanakula zaidi ya nusu ya chakula cha ng'ombe, na mara nyingi wanakuwa wawili tu kwenye maziwa, mkamuo wa siku ukiwa lita 2 au 3. Anayesema mbuzi hana gharama hajawahi kupima anachomlisha.

Mtwara na Lindi, hata hivyo, hukumu haitolewi na lita za siku moja. Inatolewa na miezi. Mvua ni ya msimu mmoja, inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili au Mei. Majani mengi na maziwa mengi huja Februari hadi Mei. Pesa kwa upande wake huanza kuzunguka minada ya korosho inapofunguliwa Oktoba, ikaendelea hadi Januari. Mfugaji asiyepanga anajikuta na maziwa tele Machi, wakati kibanda cha chai kinakopa, na ndoo tupu Novemba, wakati watu wanalipa taslimu. Anachotakiwa kukitafuta ni mnyama azae Septemba au Oktoba, na hapo ndipo ng'ombe na mbuzi wanapoachana.

Ng'ombe hubeba mimba miezi tisa na siku chache. Ili azae mwishoni mwa Septemba, apandishwe katikati ya Desemba. Mwaka wa kwanza hilo linawezekana, kwa sababu unaweza kununua mtamba mwenye mimba ya umri unaoutaka. Mwaka wa pili ndipo mambo huharibika. Amezaa katikati ya kiangazi, anakamuliwa huku malisho ni makavu, anakonda, mifupa ya nyonga inatokeza na joto la kutaka dume halirudi kwa wakati. Badala ya kupandwa siku 60 hadi 90 baada ya kuzaa, anapandwa miezi mitano au sita baada ya kuzaa. Uzazi unaofuata unaangukia kwenye mvua, na kalenda yako imevunjika.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa mitamba hawalisemi. Ng'ombe wa peke yake ni mgumu kumtambua akiwa kwenye joto, kwa sababu hana mwenzake wa kumpanda. Joto hurudi kila baada ya siku 21 hivi na halimalizi siku nzima. Dalili ulizonazo ni kulia bila sababu, kupunguza maziwa ghafla, na ute mwepesi unaong'aa kama ute wa yai ukining'inia chini ya mkia. Ukiuona asubuhi, mhimilishaji, yaani mtaalamu wa kupandisha kwa mrija, afike jioni ya siku hiyohiyo. Ukiuona jioni, afike asubuhi. Kama mhimilishaji wa karibu yuko mbali na pikipiki yake iko gereji, umepoteza wiki tatu, na wiki tatu zikijirudia mara nne zinakaribia miezi mitatu ya kulisha bila mimba.

Mbuzi hubeba mimba siku 150. Wawili wakipandishwa katikati ya Mei watazaa katikati ya Oktoba, na wengine wawili ukiwapandisha Septemba watazaa Februari. Maziwa hayakatiki kabisa, na yaliyo mengi unayaelekeza kwenye miezi ya pesa. Mgawanyo huo hauwezekani kwa ng'ombe mmoja, ambaye ni lazima akaushwe siku 60 kabla ya kuzaa. Miezi miwili hiyo kibanda cha chai hakitakusubiri. Kinahamia maziwa ya unga, na kumrudisha mteja ni kazi kuliko kumpata.

Ukichagua yeyote kati yao, kuzaa Oktoba kunadai chakula kilichowekwa mapema. Kuanzia Julai hadi Novemba ni siku 150 hivi. Ng'ombe anahitaji kilo 1,800 za chakula kikavu kwa muda huo na mbuzi wanne kilo 1,050 hivi. Ukikata nyasi Aprili na Mei zikiwa zinaanza kutoa maua, ukazianika siku mbili au tatu na kuzishindilia kwenye sanduku la mbao, robota la kilo 15 linatoka. Hata nusu tu ya mahitaji ikiwa ni hei, ng'ombe anadai marobota 60 na mbuzi 35. Nusu nyingine kusini inapatikana kwa urahisi kuliko watu wanavyodhani: mbaazi. Inapopigwa, kati ya Julai na Septemba, majani makavu na maganda yake huachwa shambani au kuchomwa moto, na hayo mbuzi huyala kwa pupa kuliko nyasi yoyote. Omba kwa jirani, jaza magunia, weka juu ya chanja. Ukiyaweka chini mchwa watayamaliza.

Cha kuongezea nguvu ni pumba za mahindi na mashudu ya ufuta au alizeti, sehemu mbili za pumba kwa moja ya mashudu, pamoja na jiwe la chumvi ya madini. Mbuzi anayekamuliwa anatosheka na nusu kilo kwa siku, ng'ombe kilo moja kwa kila lita mbili anazotoa juu ya zile nne au tano za kwanza. Nunua ya mwezi mmoja tu. Pumba zikivunda au mashudu yakinuka, usizichanganye kidogokidogo ili ziishe. Sumukuvu inapita hadi kwenye maziwa. Majani ya mihogo yanafaa, ila yanyaushwe juani kwanza ili sumu yake ipungue.

Kuna hatari moja ya huku kwetu ambayo vitabu vya ufugaji vya Kilimanjaro au Mbeya haviiandiki. Kati ya Juni na Septemba mikorosho hupulizwa salfa dhidi ya ubwiri unga, na unga wake hutua kwenye majani yote ya chini. Salfa nyingi tumboni mwa mnyama anayecheua hugeuka gesi yenye sumu inayodhuru ubongo: anasimama ameinua kichwa, anagonga vitu kama kipofu, kisha anaanguka akitetemeka. Usikate majani chini ya mikorosho katika miezi hiyo, na kama shamba limepulizwa pia dawa ya wadudu, yaache hadi muda ulioandikwa kwenye chupa upite. Mabibo nayo yaliyorundikana Oktoba na kuanza kuchacha humvimbisha mnyama na kumharisha. Machache, mabichi au yaliyokaushwa, hayana tatizo.

Kwa Newala na Tandahimba, maji yanaweza kuamua kila kitu. Ng'ombe anayekamuliwa hunywa kama lita 60 kwa siku, yaani madumu matatu ya lita 20. Mbuzi wanne wanaridhika na dumu moja na nusu. Tuseme kiangazi dumu ni shilingi 300: kwa siku 150 ng'ombe anakunywa shilingi 135,000, na bei ikipanda hadi 500 inafika 225,000. Ukiamua kumpunguzia maji, maziwa yanapungua siku hiyohiyo. Aliye bondeni, karibu na Lukuledi au kwenye kisima chake, hana mzigo huu, na kwake hoja ya ng'ombe inapata nguvu kweli.

Upande wa daktari, watu hudhani mbuzi ni nafuu kwa vile dozi yake ni moja ya kumi ya ng'ombe. Dawa ni nafuu, lakini mafuta ya pikipiki ya daktari ni yaleyale. Ukimwita kwa kila kikohozi cha mbuzi, gharama kwa lita moja ya maziwa inapita ya ng'ombe. Anayefuga mbuzi ajifunze kukata kwato, kutazama ndani ya kope (nyeupe maana yake minyoo inanyonya damu) na kunywesha dawa ya minyoo kwa uzito uliopimwa. Daktari aitwe kwa chanjo ya sotoka ya mbuzi na homa ya mapafu, kwa mbuzi wa kaya kadhaa siku moja.

Kwa ng'ombe, adui ni kupe. Ndigana kali huanza kwa tezi za chini ya sikio kuvimba na homa inayopita nyuzi 40. Dawa yake, buparvakwoni, hufanya kazi ikiwahi. Akishaanza kuhema na kutoa povu puani, unatupa pesa. Nyunyizia kila wiki, na ndani ya masikio usafishe kwa mkono, maana ndiko kupe wake hukaa. Chanjo ipo na hutolewa mara moja, lakini huja kwa mrija wenye dozi nyingi unaotakiwa kuisha siku uliofunguliwa, kwa hiyo mwenye ng'ombe mmoja lazima ajiunge na wenzake. Karibu na misitu ya Liwale na Kilwa ongeza mbung'o. Huko ng'ombe wa kisasa ni kamari.

Banda lisikusumbue. Mbuzi wapandishe sakafu nusu mita hadi mita moja kutoka ardhini, fito ziachane sentimita moja na nusu, nguzo zipakwe oili chafu kwa ajili ya mchwa. Ng'ombe apewe sakafu ya zege yenye mteremko na paa la makuti lililo juu. Chini ya bati fupi atahema mchana kutwa na hatakula.

Sasa wateja. Vibanda vitatu, kila kimoja lita moja na nusu, ni lita nne na nusu. Majirani ni nyongeza isiyo na uhakika. Ng'ombe wa lita nane, ndama akishapata zake, anakubakizia tano au sita: soko linajaa, na mwezi wa Ramadhani, vibanda vinapofunga mchana, yanabaki mkononi usipohamishia mkamuo mkubwa jioni au kugandisha mtindi. Mbuzi hawafikishi kiasi hicho, na baadhi ya wateja watakataa wakisikia ni ya mbuzi. Harufu wanayoiogopa hutoka kwa dume: mfunge mita 30 upande ambao upepo hautokei, kamua nje ya banda, chuja kwenye chombo cha alumini chenye mfuniko, si dumu la plastiki. Wape vibanda chai ya kuonja kabla ya kuwatajia bei.

Kwa Newala, wenye wateja hao na maji ya kununua, chagueni mbuzi: majike wanne wenye nusu damu ya kigeni, dume mkishirikiana kaya tatu au nne na kumbadilisha kabla binti zake hawajafikia kupandwa. Ng'ombe mwachieni wa bondeni mwenye kisima, mhimilishaji wa kufikika siku hiyohiyo na marobota 60 yaliyokwisha kufungwa. Nanyi msinunue mbuzi leo kwa sababu pesa ipo. Ujazeni banda la malisho kati ya Aprili na Agosti, kisha mnunue Septemba majike wawili wenye mimba ya miezi minne na wawili wa kupandishwa mwezi huohuo, na mwone kwa macho kwamba kila mmoja ana chuchu mbili nzima zisizo na uvimbe.