Kazi iliyokatwa na alama tatu zake

"Mwalimu, mtoto amekata kazi yake yote halafu hakuandika nyingine. Chini ya mstari naona kazi iko sawa. Nihesabu? Na huyu aliyeandika namba juu ya namba, nimsomeje?"

Aliyeuliza ni mwalimu kijana wa Hisabati. Tulikuwa naye meza moja Temeke tukisahihisha mtihani wa majaribio wa kidato cha nne. Meza iligawanyika papo hapo. Wazee wa kazi walisema kilichokatwa kimekatwa, asihangaike. Wachache tukasema asome kwanza. Tulioshika upande wa pili tuliambiwa tunasahihisha kwa huruma. Nadhani hapo ndipo tunapoeleweka vibaya.

Swali lenyewe lilikuwa jepesi. Mfanyabiashara wa Kariakoo amenunua bidhaa kwa shilingi 240,000, akaziuza kwa shilingi 300,000. Tafuta asilimia ya faida. Mwongozo wetu uliweka alama 3: moja kwa faida ya 60,000, moja kwa kuigawa kwa bei ya kununulia, na moja kwa jibu, 25%.

Mwanafunzi wa kwanza alifika 25% kwa hatua zote, kisha akapitisha mstari mmoja wa mshazari juu ya kazi nzima. Chini yake aliacha nafasi ya karibu nusu ukurasa, ikabaki tupu. Wa pili alikata kazi kama hiyo hiyo, ila chini yake akaandika 60,000 kugawa kwa 300,000, akapata 20%. Wa tatu hakukata kitu. Alirudi kwenye 300,000 aliyoiweka chini ya mstari wa sehemu, akaigeuza 3 kuwa 2 na sifuri ya kwanza kuwa 4, wino juu ya wino.

Kwa wa pili hakuna ubishi, ingawa roho inauma. Ameweka jibu badala ya jibu, kwa hiyo linalosomwa ni la mwisho. Anapata alama 1 ya faida, na 25% iliyo chini ya mstari haimsaidii. Mwalimu akichagua lililo bora kati ya mawili hayo, atakuwa amemfanyia mtahiniwa uamuzi ambao mtahiniwa mwenyewe aliufanya kinyume. Hiyo ndiyo huruma, na mimi naikataa.

Wa kwanza ni tofauti, kwa sababu hakuna jibu la pili linaloshindana na lile lililokatwa. Hata mifumo mikubwa ya mitihani haikubaliani juu yake. Miongozo ya Pearson Edexcel humwambia msahihishaji asome kazi iliyokatwa, isipokuwa pale mtahiniwa alipoandika nyingine badala yake. Miongozo ya hivi karibuni ya Hisabati ya IB inasema kazi iliyokatwa isipewe alama yoyote. Wote wawili wamefikiri, na hoja za upande mkali si za kupuuza. Kukata ni tamko: mwanafunzi anasema kazi hii siiwasilishi. Tena aliyeandika kwa penseli akafuta kwa raba hana cha kusomwa, wakati jirani yake aliyekata kwa kalamu anapewa nafasi ya pili. Na mistari ikiwa mingi, walimu wawili wataona vitu viwili kwenye karatasi moja.

Hoja ya raba ndiyo iliyonisumbua zaidi. Ni kweli, hao wawili hawatatoka sawa. Lakini msahihishaji hupima kilichopo kwenye karatasi, na kwa aliyefuta hakipo. Kwa huyu wa kwanza kipo, kinasomeka herufi kwa herufi. Ule mstari mmoja wa mshazari haukumzuia mtu yeyote mezani kusoma 25%. Anayempa sifuri hawezi kusema mwanafunzi hakuonyesha kazi, anasema tu kwamba aliionyesha kisha akaitilia shaka. Mwongozo wetu haukuwa na alama za kujiamini. Ulikuwa na alama za faida, mgawanyo na jibu, na vyote vitatu vilikuwa mbele yetu. Mipaka ipo: kama amekwangua mpaka namba hazionekani, au amepaka wino mweupe, hatukisii.

Sasa tazama alama 3 zinavyofanya kazi. Kwenye madaraja ya kidato cha nne F inaishia 29, na D inaanza 30. Bila kazi ile, mwanafunzi yule alikuwa na 27. Akisomwa, ana 30. Daraja la ufaulu hutokana na masomo saba bora, ambapo D huhesabiwa pointi 4 na F pointi 5. Kama Hisabati imo kwenye saba zake, pointi hiyo moja yaweza kumtoa 26 hadi 25, yaani kutoka daraja la nne hadi la tatu. Huu ulikuwa mtihani wa majaribio, lakini mzazi hupelekewa matokeo hayo hayo na mtoto huamini kilichoandikwa. Wakati mwingine ndiyo karatasi inayomfanya aliache somo miezi michache kabla ya mtihani wenyewe. Nililifikiria hilo usiku kucha, kwa sababu kosa lake pekee lilikuwa kutojiamini.

Tumrudie wa tatu. Namba juu ya namba haisomwi kwa kukodolea macho wino, inasomwa kwa kutazama mstari unaofuata. Kama baada yake ameandika 25%, basi 240,000 ndiyo aliyoitumia, na anapata zote 3. Kama baada yake ipo 20%, alibadilisha namba lakini hakurudi kwenye jibu. Mgawanyo kama unavyosimama ni sahihi, jibu si sahihi, anapata 2. Kama namba zote mbili zimevurugika na mstari unaofuata hausemi kitu, alama ya hatua hiyo haitolewi.

Yote haya yanaweza kuharibika kwenye kujumlisha. Yupo mwalimu aliyeweka vema tatu kwenye kazi iliyokatwa ya mwanafunzi wa pili, kisha akagundua jibu la chini na kuweka vema moja pale. Mjumlishaji, ambaye kazi yake ni kuhesabu vema tu, akaandika 4. Ilikamatwa kwa urahisi kwa sababu swali lina alama 3. Hatari ni pale iliyokatwa ina 2 na ya chini ina 1: jumla inakuwa 3, inalingana na kiwango cha juu, na hakuna atakayeshtuka. Kwa hiyo tulikubaliana msahihishaji asome chini kabla ya kugusa kilichokatwa. Kama kipo kingine, kilichokatwa kisiwekewe vema hata moja, ila mstari mwekundu wa wima pembeni. Kama hakipo na anakisahihisha, aandike alama ya swali zima pembeni na kuizungushia duara. Mjumlishaji anajumlisha miduara tu, na mtu wa pili anahesabu vema za kila swali kuona kama zinafika kwenye duara lake. Visipolingana, skripti hurudi kwa aliyesahihisha. Mjumlishaji haamui lipi ni jibu.

Kiongozi wa meza, ambaye asubuhi alikuwa upande wa wazee, aliichukua skripti ya yule wa 27, akasoma chini ya mstari, akazungushia 3 na kuweka sahihi yake pembeni. Kisha akaomba sharti la kazi iliyokatwa liandikwe kwenye mwongozo wa mwaka ujao kabla bahasha hazijafunguliwa, ili meza ya Kigamboni na ya Mbagala zisije zikampa mtoto wa namna hii alama mbili tofauti.