Kadi mpya, makato yale yale

"Kadi ya ofisi ilimezwa na ATM pale Mnara wa Saa, benki ikanipa nyingine. Sasa malipo ya barua pepe yamegoma, lakini ya filamu yanaendelea kukatwa. Hao wa filamu nani kawapa namba mpya?"

Benki yako, kupitia mtandao wa kadi. Visa wana huduma ya Visa Account Updater, na Mastercard wana Automatic Billing Updater. Benki ikikubadilishia kadi, hupeleka huko namba ya zamani pamoja na mpya. Muuzaji anayekukata kila mwezi huuliza kabla ya kukata, kupitia kampuni inayompokelea malipo, na hujibiwa namba mpya na tarehe yake ya mwisho. Njia nyingine ni tokeni: muuzaji hashiki namba yako halisi bali namba mbadala, na kadi ikibadilika benki huihamishia tokeni ile ile kwenye kadi mpya.

Yote mawili yanahitaji benki na muuzaji wawe wamejiunga. Kwa kuwa wa filamu wamefikiwa, nadhani pengo liko kwa hao wa barua pepe. Wamebaki na namba ya kadi iliyofungwa, na hapo ndipo wengi hukosea: wanaweka pesa kwenye akaunti na kusubiri makato yarudiwe. Salio halihusiki. Benki ikikataa makato hurudisha jibu la namba, na 51 ndilo la salio pungufu. Kadi iliyofungwa huweza kurudisha 14, yaani namba batili, au 41, kadi iliyopotea, na kurudia makato kwa namba ile ile hakusaidii. Ingia kwenye akaunti yako kwa muuzaji, tazama tarakimu nne za mwisho za kadi. Zikiwa za zamani, andika mpya mwenyewe.

Je, huduma hii ni msaada au uvamizi? Kwa kampuni ya utalii ya Arusha, barua pepe kuzimika Julai, wageni wakiuliza nafasi, ni hasara ya wazi. Hapo naiunga mkono. Lakini wapo wanaobadilisha kadi makusudi ili kumkwepa muuzaji asiyekubali kuachwa, kisha wanakuta amewafuata hadi kwenye kadi mpya. Malalamiko yao ni ya haki. Namba imetolewa bila wao kuambiwa, na ujumbe mmoja wa simu kutoka benki ungetosha. Kwa sasa, usajili usioutaka ufute kwa muuzaji mwenyewe, na uulize benki kama inaweza kuiondoa kadi yako kwenye huduma hiyo.

Ukikagua nani mwingine alikuwa na kadi ya zamani, chukua taarifa ya akaunti ya miezi 12. Ya mwezi mmoja haitakuonyesha jina la tovuti ya ofisi, linalolipiwa mara moja kwa mwaka.