Ukurasa wa Matondoni Usifutwe

Mzee mwenye nyumba ya wageni pale Shela, Lamu, alinifungulia tovuti yake akaniambia, "Mwanangu, fagia hii. Imekuwa jaa." Kweli ilikuwa imejaa. Ilianza mwaka 2009 na sasa ina kurasa 143: bei za misimu iliyopita, matangazo ya sikukuu zilizokwisha, na kurasa nne zinazouza safari ileile ya jahazi. Mpwa wake alishampa shauri: kila ukurasa uliofunguliwa chini ya mara kumi katika miezi mitatu, ufutwe. Mimi nimelipinga shauri hilo.

Kwanza, miezi mitatu yenyewe ilikuwa Aprili, Mei na Juni. Nani asiyejua Lamu ilivyo masika? Baadhi ya hoteli hufunga milango kabisa. Ukurasa wa Maulidi nao haufunguliwi ila yanapokaribia, na kwa kalenda ya miladi Maulidi husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo hata kulinganisha na mwezi uleule wa mwaka jana kunaweza kukudanganya. Search Console, chombo cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti jinsi watu wanavyoifikia kwa kutafuta, huhifadhi takwimu za miezi 16. Zifungue zote kabla hujagusa kitu.

Pili, kufunguliwa mara chache si kutofaa. Katika tovuti ya mzee kuna ukurasa mmoja mrefu kuhusu mafundi wa majahazi wa kijiji cha Matondoni, wenye picha za mbao na kamba za pamba za kukalafati zikipigwa kati ya mbao. Watu wachache huufungua. Lakini nilipoingia sehemu ya Links ya Search Console nikakuta kwamba, ukiacha ukurasa wa mwanzo, ndio ulioelekezewa viungo vingi kuliko wote kutoka tovuti za wasafiri. Mzee mwenyewe akakumbuka: "Wale Wajerumani wa Agosti walisema wameniona huko." Ukurasa huo ungefutwa kwa kanuni ya mpwa.

Kazi kubwa ilikuwa zile kurasa nne za jahazi. Nilichagua maneno `dhow trip lamu` katika ripoti ya utafutaji, kisha nikabonyeza Pages kuona ni kurasa zipi Google inazitoa kwa maneno hayo. Zilitoka tatu, zikipokezana wiki hadi wiki, wala hakuna iliyopanda juu. Dalili ni hiyo: kurasa zako zinagombania mteja mmoja. Ya nne ilikuwa bei za 2014 tupu.

Nikachagua moja ibaki. Sikuchagua yenye picha nzuri, nilichagua yenye viungo vingi kutoka nje na mibonyezo mingi. Kutoka kwa ile ya machweo nikahamisha aya ya saa za kuondoka, na kutoka kwa ile ya magofu ya Takwa nikahamisha maelezo ya maji kujaa na kupwa, kwa sababu maji yakipwa mashua haifiki hadi kule ndani ya mkono wa bahari. Sikubandika tu. Niliandika upya ili msomaji aone safari moja yenye njia mbili. Kisha, kwenye faili ya `.htaccess` ya seva ya Apache:

```
Redirect 301 /jahazi-machweo/ /safari-za-jahazi/
Redirect 301 /takwa-kwa-mashua/ /safari-za-jahazi/
Redirect 410 /bei-za-jahazi-2014/
```

Ya kwanza na ya pili zinamhamisha mgeni moja kwa moja hadi ukurasa uliobaki. Ya tatu inatamka kwamba ukurasa umeondolewa na haurudi. Nasisitiza hapa, maana fundi aliyetangulia aliwahi kufuta kurasa nyingi akazielekeza zote kwenye ukurasa wa mwanzo. Mtu aliyetafuta Takwa anatupwa kwenye salamu za karibuni! Google huhesabu mwelekeo wa namna hiyo kama Soft 404, yaani ukurasa usiokuwepo, na utauona kwa jina hilo ndani ya Search Console. Kama hakuna ukurasa unaojibu swali lilelile, 410 ni ya kweli zaidi.

Ukurasa wa jinsi ya kufika sikuuunganisha, ingawa nao unataja mashua kila mstari. Anayeusoma anataka kujua kwamba basi humshusha Mokowe na kutoka hapo avuke kwa boti. Huyo bado hajafika kwenye kuchagua safari ya machweo.

Baada ya hapo nilipita kwenye menyu na kila aya iliyokuwa na kiungo cha zamani, nikakielekeza kwenye anwani mpya yenyewe, nikaziondoa zile tatu kwenye ramani ya tovuti. Mielekeo nimemwomba mzee asiiondoe kwa angalau mwaka mmoja, na mimi ningeiacha daima, kwa kuwa vile viungo vya wasafiri havitabadilishwa na mtu.

Kurasa 143 sasa ni 61. Ule wa Matondoni nimeuongezea kitu kimoja tu chini ya picha ya mwisho: kiungo cha kuomba chumba.