Chaja haioni jua lililofichwa na inveta

Nyumba nyingi za Nairobi zenye sola na betri zimepangiwa inveta ili umeme usitoke kabisa kwenda kwenye gridi. Fundi ana sababu: bila mkataba wa kurudisha umeme hulipwi chochote, na baadhi ya mita za tokeni huhesabu umeme unaotoka kana kwamba umeutumia. Lakini mpangilio huohuo ndio unaokwamisha chaja ya gari la umeme inayofuata ziada ya jua. Chaja husubiri klampu ya mkondo, kipimo kinachobana waya mkuu, ione ziada ikitoka nje. Ziada haitoki, kwa hivyo gari linashinda bila chaji jua likiwaka.

Kujua kama ndivyo kwako, tazama skrini ya inveta saa sita mchana, betri ikiwa 100%. Utaona paneli zikitoa wati 600 tu, sawasawa na matumizi ya nyumba. Sasa washa birika la wati 2,000. Paneli zikiruka hadi 2,600, jua lilikuwepo muda wote. Inveta ilikuwa imelizuia.

Kwa nyumba kama hii, mimi sishauri chaja inayotegemea klampu pekee. Chukua inayosoma inveta yenyewe kwa Modbus, lugha ambayo mitambo hutumia kupeana vipimo, kupitia waya wa data wa RS485. Betri ikifika 95%, chaja ianze na ampea 6, kima cha chini cha IEC 61851, kiwango cha kimataifa cha kuchaji magari ya umeme. Kwa volti 240 hizo ni wati 1,440. Kila dakika iongeze ampea moja hadi betri ianze kutoa au gridi ianze kuchangia, kisha irudi nyuma ampea moja. Paneli zikiweza kutoa wati 4,000 na nyumba ikitumia 600, itatulia kwenye ampea 14.

Mawingu ya Julai yasikutie haraka. Ziada ikishuka hadi wati 600, acha chaja ibaki kwenye ampea 6 kwa dakika kumi kabla ya kuzima. Wati 840 zinazopungua zitatoka kwenye betri, na kwa dakika hizo kumi ni uniti 0.14 tu. Kuwasha na kuzima kila wingu likipita huchosha kontakta, swichi iliyo ndani ya chaja, na kuna magari yanayolala yasiamke tena hadi uchomoe kebo.

Usiku shida ni swichi kuu. Chaja kwa ampea 32, shawa ya moto ya wati 5,500 kwa 23, birika kwa 8: jumla 63, na swichi ni ya 60. Hapo klampu ya waya mkuu ndiyo inayofanya kazi, ikiiamuru chaja ishuke papo hapo mtu akioga. Mawasiliano hayo yapite kwenye waya, si Wi-Fi. Na kabla fundi hajaondoka, mwambie achomoe waya huo gari likichaji. Chaja inapaswa kushuka hadi ampea 6 au kusimama. Ikibaki kwenye 32, kazi haijaisha.